Mchuzi wa kesho: namna ya kupoza sufuria kubwa kabla ya kuiweka kwenye friji

Anayepikia khitma, harusi au msiba hupenda kumaliza mchuzi usiku wa kuamkia siku yenyewe. Asubuhi kuna wali wa kupika, kuna wageni wa kupokea, na jiko ni lilelile. Kwa hiyo sufuria ya lita 20 huepuliwa saa mbili usiku, hufunikwa vizuri, huachwa jikoni ipoe, na alfajiri hurudishwa motoni. Mwenye friji kubwa huisukuma humo ikiwa bado ina moto, akiamini friji itamalizia kazi. Wote wawili wana hoja moja: mchuzi umechemka kwa saa nzima au mbili, kilichokuwemo kimekufa.

Hakikufa chote. Kuna bakteria aitwaye Clostridium perfringens, anayepatikana kwenye udongo, kwenye vumbi na kwenye matumbo ya wanyama na watu, na ambaye huingia jikoni pamoja na nyama mbichi na viungo. Mazingira yakimbana hujifungia ndani ya gamba gumu. Akiwa katika hali hiyo huitwa spora, na spora huweza kustahimili mchuzi unaochemka. Bakteria wengine wa kwenye nyama hufa motoni. Yeye hubaki, na sasa hana wa kushindana naye. Joto la kupikia lenyewe humzindua, kwa hiyo mchuzi unapoanza kupoa spora hufunguka na bakteria huanza kugawanyika. Pia hapendi hewa ya oksijeni, na mchuzi uliochemka umekwisha kupoteza sehemu kubwa ya hewa iliyokuwa ndani yake. Chini ya sufuria iliyofunikwa, katikati ya vipande vya nyama, amepata karibu kila anachokitaka.

Kilichobaki ni joto, na joto ndilo jambo tunaloweza kulitawala. Bakteria huyu hukua kuanzia nyuzi 12 hivi za selsiasi hadi nyuzi 50. Hustawi zaidi kati ya nyuzi 43 na 47, ambako idadi yake inaweza kuongezeka maradufu katika dakika 10 tu. Tuseme baada ya spora kufunguka kuna bakteria 10 katika kila gramu ya mchuzi. Baada ya saa moja ya kujigawa kwa kasi hiyo watakuwa 640. Baada ya saa tatu watakuwa zaidi ya milioni mbili na nusu, na ni kwenye mamilioni kwa gramu ndipo mlaji huanza kuugua. Akishawameza, bakteria hao hutoa sumu wakiwa ndani ya utumbo. Saa 6 hadi 24 baadaye huja msokoto wa tumbo na kuhara. Kwa mtu mzima mwenye afya mara nyingi huisha ndani ya siku moja, na ndiyo maana watu husema "tumbo la shughuli" wakalisahau. Kwa mzee, mtoto au mgonjwa mambo ni tofauti. Mwaka 2010, katika hospitali moja ya wagonjwa wa akili jimbo la Louisiana, Marekani, wagonjwa 42 na wafanyakazi 12 waliugua baada ya kula kuku aliyepikwa kama siku moja kabla na kupozwa isivyofaa. Wagonjwa watatu walifariki.

Jambo hili lilikwisha kuelezwa zamani. Mwaka 1953 Betty Hobbs na wenzake, nchini Uingereza, walionyesha uhusiano kati ya bakteria huyu na milipuko ya kuhara iliyofuata nyama zilizopikwa kwa wingi, zikapoa polepole, kisha zikaliwa siku ya pili. Mtindo ni uleule hadi leo: chakula kingi, chombo kimoja, usiku mmoja.

Sasa tuitazame sufuria yenyewe. Lita 20 za mchuzi zilizoepuliwa kwenye nyuzi 95 zina joto jingi sana, na joto hilo lina njia moja tu ya kutoka, nayo ni kupitia pande za sufuria na uso wa mchuzi. Sufuria ikiwa kubwa, ujazo wake huongezeka haraka kuliko eneo la pande zake, kwa hiyo kila lita hupata sehemu ndogo zaidi ya kutolea joto. Ndiyo maana kibakuli cha mchuzi hupoa ukiwa bado unakula, na sufuria ya shughuli haipoi usiku kucha.

Ongeza hali ya hewa ya kwetu. Jikoni Dar es Salaam au Mombasa usiku wa Februari huwa na nyuzi karibu 30. Kwa makadirio, sufuria ya lita 20 iliyofunikwa humo inaweza kuchukua saa kama saba kushuka kutoka nyuzi 95 hadi 50, kisha saa nyingine zaidi ya nne kutoka 50 hadi 40. Yaani iliyoepuliwa saa mbili usiku huingia katika eneo la hatari karibu saa tisa au saa kumi alfajiri, na kufikia saa mbili asubuhi imekwisha kupita polepole palepale bakteria anapopapenda zaidi. Na hata ukiiacha hadi jioni, haiwezi kushuka chini ya joto la chumba. Ushauri wa "acha kwanza ipoe kwa hewa" ulioandikwa kwa ajili ya jiko la Ulaya wakati wa baridi haufanyi kazi hapa, kwa sababu hewa yetu yenyewe imo ndani ya eneo la kukuza bakteria.

Basi kwa nini isiingie kwenye friji moja kwa moja? Kwa sababu friji ya nyumbani imetengenezwa kutunza baridi ya vitu ambavyo tayari ni baridi. Nguvu yake ya kuondoa joto ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Tuipe wati 100 kwa mfano. Kushusha kilo 20 za mchuzi kutoka nyuzi 60 hadi 5 kunahitaji kuondoa kilojuli zipatazo 4,200, na kwa wati 100 hiyo ni kazi ya karibu saa 12, huku mashine haipumziki na mlango haufunguliwi. Wakati huo huo maziwa, samaki na mboga vilivyokuwemo hupashwa moto na jirani yao mpya. Mvuke huganda kwenye kuta za ndani, na moyo wa sufuria hubaki na uvuguvugu hadi asubuhi. Wanaosema chakula cha moto kisiwekwe kwenye friji wana haki kwa sufuria kubwa. Kosa lao ni kwamba dawa wanayoitoa ni kusubiri, na kusubiri ndiko kunakodhuru. Chakula kidogo kwenye chombo kipana kinaweza kuingia kwenye friji kikiwa bado na joto la kadiri, wala friji haitayumba.

Kanuni inayotumiwa na majiko ya biashara Marekani husaidia kuweka lengo. Chakula kilichopikwa kishuke kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha kifike nyuzi 5 kabla ya jumla ya saa sita kutimia. Kipande cha kwanza kimebanwa zaidi kwa makusudi, maana ndicho kinachopita kwenye nyuzi 40 na kitu. Muda wa mchuzi kushuka kutoka 95 hadi 57 hauhesabiwi, kwani kwenye joto hilo bakteria huyu hakui. Kwa hiyo hakuna haja ya kuhangaika dakika ile ile unapoepua. Mbio huanza mvuke unapopungua.

Tuchukue mchuzi wa ng'ombe wa lita 20, Dar es Salaam, kwa ajili ya chakula cha mchana cha kesho. Unaanza kabla ya kuwasha moto, kwa kuamua kwamba mchuzi utapikwa ukiwa mzito. Lita nne za maji hazitamiminwa sufuriani. Zitachemshwa, zitapoa, zitagandishwa kwenye vyombo safi vyenye mifuniko tangu siku mbili kabla, kwa sababu friza ya nyumbani huchelewa kugandisha kilo nne. Chumvi na viungo unavipima kwa lita 20, ukijua kwamba usiku mchuzi utakuwa mkali kidogo na barafu itausawazisha. Nyama ikatwe vipande vya ukubwa wa kawaida wa mchuzi, unene wa sentimita tatu au nne. Paja zima lililopikwa bila kukatwa hukaa na joto moyoni muda mrefu baada ya mchuzi wake kupoa, na hakuna kukoroga kutakakolifikia.

Saa mbili usiku unaepua lita 16. Kazi ya kwanza ni kugawa. Weka sufuria nne za kawaida, kila moja lita nne, ukichota kwa upawa ili nyama na mchuzi viende pamoja. Sufuria za alumini tulizonazo karibu kila nyumba zinafaa sana hapa, kwa sababu alumini hupitisha joto upesi. Ndoo ya plastiki ni adui, maana plastiki hulizuia joto lisitoke, na nimeona mara nyingi mchuzi ukihamishiwa kwenye ndoo yenye mfuniko kwa nia njema ya kuulinda na nzi, ukakutwa asubuhi una moto uleule katikati.

Kila sufuria iingie kwenye beseni la maji ya bomba, maji yafike juu kama mchuzi ulivyofika ndani, lakini yasiweze kuruka na kuingia. Maji yetu ya bomba huwa na nyuzi 28 hivi, na mtu anaweza kuyadharau. Asiyadharau. Mchuzi wa nyuzi 95 ni wa moto kuliko maji hayo kwa nyuzi 67, na pengo hilo kubwa ndilo linalosukuma joto litoke. Tena maji hunyonya joto kutoka kwenye chuma kwa kasi kubwa mara nyingi kuliko hewa. Koroga mchuzi kila baada ya dakika chache kwa mwiko safi, ukiuleta wa katikati pembeni. Koroga na maji ya beseni pia, kwa sababu maji yaliyogusana na sufuria hupata moto yakabaki palepale. Beseni likishaanza kuwa vuguvugu, mwaga na ujaze upya. Kwa beseni la lita 20 itabidi kubadilisha mara mbili hivi. Ukifanya hivyo, kila sufuria hufika karibu nyuzi 45 kwa kama nusu saa, bila kutumia barafu hata kipande.

Ndipo barafu inapoingia, na mpangilio huu ni muhimu kuliko wingi wa barafu yenyewe. Kilo moja ya barafu ina uwezo wake wa kunyonya joto, haina zaidi. Ukiitupa kwenye mchuzi unaofuka mvuke, inamaliza nguvu yake kuondoa joto ambalo maji ya bomba yangeliondoa bure. Hesabu ni hii: kilo nne za barafu zikiingia kwenye kilo 16 za mchuzi wenye nyuzi 60, mchanganyiko hutua karibu nyuzi 30, yaani bado uko kwenye eneo la hatari. Barafu ileile ikiingia mchuzi ukiwa na nyuzi 45, mchanganyiko hutua karibu nyuzi 18. Tofauti hiyo haikugharimu kitu ila subira ya nusu saa kwenye beseni. Kwa hiyo kilo moja ya barafu iingie katika kila sufuria, koroga mpaka iyeyuke yote, na mchuzi sasa una maji yake kamili ya lita 20. Kufikia saa tatu na nusu usiku unapaswa kuwa umevuka sehemu ngumu.

Kuna mchuzi usiotaka kuongezwa maji, kama wa nazi uliokwisha kushika tui zito, au rosti. Kwa huo barafu ikae nje, ndani ya maji ya beseni, au utumie chupa: jaza maji chupa za plastiki safi, acha nafasi juu kwa sababu maji yakiganda hutanuka, gandisha, osha nje kwa sabuni na maji safi, kisha koroga nazo ndani ya mchuzi. Usiziingize mchuzi ukiwa na moto mkali, kwa maana chupa nyembamba hulegea. Subiri ushuke chini ya nyuzi 60. Na barafu ya mabonge inayouzwa kwa ajili ya kuhifadhi samaki, kama ile ya Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, ni nzuri kabisa kwa beseni, lakini isiingie ndani ya chakula. Haikutengenezwa kwa ajili ya kunywewa, na mchuzi hautachemshwa tena usiku huo.

Mchuzi mzito unahitaji kukorogwa zaidi. Supu nyepesi hujizungusha yenyewe inapopoa, wa moto ukipanda na wa baridi ukishuka. Maharage, mchuzi wa karanga au wa nazi hauzunguki hivyo. Ukiuacha umetulia, sehemu ya pembeni hupoa ikawa kama ukuta na ya katikati ikabaki na moto wake. Tabaka la mafuta juu nalo hufunika mvuke usitoke. Ukiona mafuta mengi yameelea, yaengue au uyakoroge yaingie ndani, usiyaache kama mfuniko wa pili. Mfuniko wenyewe uwekwe upande au litandikwe kawa wakati wa kupoza, ili nzi na vumbi visiingie huku mvuke ukipata pa kutokea.

Kutoka nyuzi 18 kwenda 5 ndiyo kazi halisi ya friji, na sasa inaweza kuifanya. Kilo 20 kushuka nyuzi 13 ni karibu kilojuli 1,000, ambazo kwa wati 100 zilezile ni kama saa tatu. Bado usiingize sufuria ndefu iliyojaa. Mimina kwenye vyombo vipana vyenye kina cha sentimita tano hivi. Acha nafasi kati ya chombo na chombo ili hewa ya friji ipite, na usivipange kimoja juu ya kingine mpaka vipoe. Ikiwa friji ni ndogo, peleka nusu kwa jirani. Mtaani jambo hili halina aibu siku ya shughuli, na friji mbili hufanya kazi kwa nusu ya muda. Baada ya kupoa, funika kabisa.

Utajuaje kama umefika? Kipimajoto cha chakula chenye ncha ndefu ndicho jibu la uhakika, na anayepikia watu wengi mara kwa mara anastahili kuwa nacho. Kichomeke katikati ya sufuria, chini, na ndani ya kipande kinene cha nyama, si pembeni kwenye chuma. Mkono hudanganya kwa namna moja ya hatari sana. Mwili wetu una nyuzi 37, kwa hiyo mchuzi wa nyuzi 37 huguswa ukaonekana si wa moto wala wa baridi, na mpishi akasema "umeshapoa". Kwa bakteria hiyo ni hali ya hewa nzuri. Ukiwa huna kipimajoto, usiridhike na uvuguvugu. Endelea mpaka sufuria ikishikwa kwa nje mkono uhisi ubaridi dhahiri, na uikoroge kabla ya kuishika, la sivyo utakuwa umegusa ukuta uliopoa peke yake.

Harufu na ladha hazitakusaidia. Mchuzi uliokuza perfringens kwa mamilioni unaweza kunukia vizuri kama ulivyonukia usiku. Mchuzi uliochacha na kutoa mapovu umekwisha kupita mbali, na wengi hufanya kosa la kuamini kwamba usiochacha basi ni mzima.

Vipi kuhusu kuchemsha tena alfajiri? Hapa pana ukweli nusu unaofaa kuelezwa kwa haki. Bakteria walioamka na kuzaana hawana gamba la spora, kwa hiyo mchuzi ukichemka sawasawa, ukikorogwa mpaka chini na katikati vifike nyuzi 74 au zaidi, wengi wao hufa kabla ya kumfikia mlaji. Hiyo ndiyo sababu nyumba nyingi zimekula viporo vya namna hii bila kudhurika. Lakini sufuria ya lita 20 juu ya makaa huanza kububujika pembeni na chini huku katikati pakiwa na uvuguvugu, na siku ya shughuli mtu akiona mapovu mawili husema tayari. Isitoshe, perfringens hayuko peke yake. Bacillus cereus, naye mwenye spora, anayependa wali na vyakula vya wanga, huweza kutoa sumu ya kutapisha ndani ya chakula chenyewe, na sumu hiyo haiharibiwi kwa kuchemshwa. Staphylococcus, anayetoka kwenye mikono na pua za watu na kuingia kupitia upawa ulioonjewa na kurudishwa, ana sumu ya namna hiyo pia. Kuchemsha ni lazima, lakini hakufuti yaliyotokea usiku. Mchuzi uliolala kwenye sufuria hadi asubuhi ukiwa vuguvugu unapaswa kumwagwa, ingawa najua uchungu wa kumwaga nyama ya kilo kumi watu wakiwa njiani.

Mchuzi uliopozwa vizuri hutolewa kwenye friji kwa mafungu yanayotosha jiko lako, huchemshwa hadi katikati, na baada ya hapo hukaa juu ya nyuzi 60 mpaka upakuliwe, yaani wa moto kiasi cha kutoa mvuke. Usiutoe saa moja asubuhi ukauacha mezani "ushuke baridi" mpaka saa tano. Uliobaki baada ya watu kula ni bora usipozwe mara ya pili. Ugawe ukiwa wa moto kwa wanaoondoka, ukiwaambia waule siku hiyo hiyo.

Na kama huna friza ya kugandishia barafu, au umeme wa mtaa wako huwezi kuutegemea, basi usipike mchuzi wa kesho. Fanya usiku yale yasiyo na hatari hiyo: menya vitunguu na vitunguu saumu, twanga tangawizi, kaanga na kupima viungo vikavu, panga kuni. Nyama mbichi ikae kwenye friji au kwenye barafu ya samaki, imefungwa isiguse maji yake. Saa kumi alfajiri washa moto, nyama iingie sufuriani saa kumi na moja, na mchuzi utakuwa tayari saa mbili au saa tatu asubuhi. Kutoka hapo uache juu ya makaa machache, ukifuka mvuke muda wote, na upakue kutoka kwenye sufuria hiyo hiyo mpaka watu waishe.